Mashine ya kulishia paka: kutofautisha kukwama kwa kweli na kengele ya uongo

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ameunda mashine ya kulishia paka, ameiwasha, na sasa anasumbuka kwa sababu haitoi chakula, au inatoa kisichotakiwa, au inapiga kengele ya kukwama wakati hakuna kilichokwama. Mashine ninayoizungumzia ni hii niliyonayo nyumbani Tanga: ndoo ya plastiki ya lita 5 imekaa juu ya tii ya bomba la inchi 2, na ndani ya bomba hilo inazunguka parafujo ya plastiki ambayo mabawa yake yameachana kwa milimita 30. Parafujo inasukumwa na mota ya volti 12 yenye giabosi, inayozunguka mara 12 kwa dakika. Ubongo wake ni Arduino Nano, saa ni DS3231, draiva ya mota ni BTS7960, na mkondo unapimwa na INA219 iliyowekwa kwenye waya chanya unaotoka kwenye adapta kwenda kwenye draiva. Mwishoni mwa shafti ya parafujo, upande usio na mota, nimebandika sumaku nne ndogo zinazopita mbele ya kihisi cha sumaku.

Sumaku hizo nne zina sababu yake. Kwa mizunguko 12 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sekunde 5, kwa hiyo sumaku moja ingetoa pigo moja tu kila baada ya sekunde 5, na katika muda huo punje iliyobanwa ingeshakuwa unga. Sumaku nne zinaleta pigo kila baada ya sekunde 1 na robo. Vilevile zimekaa kwenye parafujo na si kwenye mota, kwa maana mota inaweza kuzunguka vizuri kabisa huku parafujo imesimama, kama itakavyoonekana hapa chini.

Wasikilize mashahidi wawili kabla ya kufungua skrubu yoyote

Wengi hujenga kitambuzi cha kukwama kwa kupima mkondo peke yake, na mashine ikigoma huanza kuifungua. Nashauri kwanza uchapishe vitu viwili kwenye skrini kila robo ya sekunde mota inapofanya kazi: mkondo kwa miliampia, na idadi ya mapigo ya sumaku. Mkondo unakueleza mota inahangaika kiasi gani, na mapigo yanakueleza kama parafujo inakwenda. Mashahidi hawa wawili wakisikilizwa pamoja, sehemu kubwa ya ugonjwa inajulikana bila bisibisi.

Mkondo ukiwa juu na mapigo yakikoma, kuna kitu kimebanwa kati ya bawa na bomba. Huko ndiko kukwama kwa kweli. Mkondo ukiwa wa kawaida au wa chini na mapigo yakikoma, mota inazunguka lakini nguvu haifiki kwenye parafujo, na karibu kila mara kosa ni skrubu ndogo ya kukazia kaplingi ambayo imelegea. Mapigo yakija vizuri huku mkondo ukiwa chini kuliko kawaida na bakuli likiwa tupu, parafujo inazunguka hewani: ama ndoo imekwisha chakula, ama chakula kimeshikana juu ya mdomo wa bomba na kuacha uwazi chini yake. Na mkondo ukiwa sifuri kabisa, tatizo ni la umeme, kwa hiyo usiguse bomba.

Ili maneno kama juu, chini na kawaida yawe na maana, ni lazima uwe umepima mashine yako mwenyewe ikiwa nzima. Yangu inavuta takriban miliampia 120 parafujo ikiwa tupu, kati ya 280 na 400 ikiwa imejaa chakula, na 1,600 nilipoishikilia shafti kwa koleo kwa muda wa sekunde moja. Mota yako itakuwa na namba zake, na ndizo za kufuata. Ziandike kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kifuniko cha ndoo, kwa sababu siku ya hitilafu utazitafuta.

Mota haizunguki, au inashtuka na kusimama

Ikiwa mkondo ni sifuri, angalia mambo mawili kabla ya mengine: pini za R_EN na L_EN za draiva ziwe zimepata volti 5, na waya hasi wa adapta uwe umeunganishwa na waya hasi wa Arduino. Bila muungano huo wa waya hasi, amri ya Arduino haina maana kwa draiva.

Dalili inayochanganya watu zaidi ni ile ya mota kushtuka kidogo, kunyamaza, kushtuka tena, na kuendelea hivyo kwa muda usiozidi dakika moja, kisha kutulia hadi mlo unaofuata. Kinachotokea ni kwamba mota inapoanza kutoka kwenye kusimama huvuta kwa muda mfupi mkondo ulio karibu na ule wa kukwama. Adapta dhaifu inashindwa kuubeba, volti zinaanguka, na Arduino inajizima na kujiwasha upya. Ikiwaka inatazama saa, inakuta dakika ya mlo bado haijapita, inaiamuru mota tena, na mchezo unajirudia. Dalili hukoma dakika inapogeuka, na ndiyo maana mtu akija kuchunguza hakuti kitu.

Dawa yake ni adapta ya ampia 2 au zaidi, kishushio cha volti cha peke yake kwa ajili ya Arduino, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 karibu na kishushio hicho. Usiiendeshe Arduino kupitia pini yake ya VIN kutoka kwenye volti 12 zilezile zinazoilisha mota huku ukitumaini kwamba mambo yatakuwa sawa. Zaidi ya hapo, rekodi ya kwamba mlo wa leo umeshatolewa iandikwe kwenye EEPROM kabla mota haijaanza, isiwe baada ya kumaliza. Najua kwamba kwa utaratibu huo paka anaweza kukosa mlo mmoja umeme ukikatika katikati. Hata hivyo, naona hilo ni jepesi kuliko mashine inayomwaga mlo uleule mara nane.

Kengele ya kukwama inalia lakini hakuna kilichokwama

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na sababu zake ni tatu tofauti zinazotoa dalili ileile.

Ya kwanza ni ule mkondo wa kuanzia niliokwisha kuutaja. Kama programu inapima tangu mota inapowashwa, kila mlo utaanza kwa kengele. Ni lazima kitambuzi kifumbe macho kwa muda mfupi mwanzoni, na baada ya hapo kisikubali kwamba kuna kukwama mpaka mkondo ukae juu mfululizo. Mimi natumia milisekunde 400 za kufumba macho na 250 za kuthibitisha:

```
if (millis() - mwanzo > 400 && mkondo > 900) {
  if (millis() - juuTangu > 250) imekwama = true;
} else {
  juuTangu = millis();
}
```

Kigezo `juuTangu` kinasogezwa mbele kila wakati mkondo ukiwa chini ya kikomo, na pia katika muda wote wa kufumba macho, kwa hiyo kilele kifupi cha punje moja inayovunjika hakihesabiwi. Punje huvunjika mara kwa mara. Hiyo ni kazi ya kawaida ya mashine, na haipaswi kuitwa hitilafu.

Sababu ya pili ni kikomo kilichowekwa ndoo ikiwa tupu. Mtu anaona miliampia 120, anazidisha mara mbili, anaweka kikomo cha 250, na siku ya kwanza ya chakula halisi kengele hainyamazi. Kikomo kikae kati ya mzigo mkubwa wa kawaida na mkondo wa kushikiliwa. Kwangu hiyo ni kati ya 400 na 1,600, nami nilichagua 900. Ukikisogeza karibu sana na 1,600 utakosea kwa upande mwingine, kwa sababu volti zikishuka, mkondo wa kukwama nao hushuka, na kitambuzi kitakaa kimya huku mota ikipata moto.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonichukua wiki nzima, na naieleza kwa kirefu kwa kuwa wakazi wa pwani watakutana nayo. Wakati wa masika, mashine ilipiga kengele ya kukwama karibu kila asubuhi, lakini jioni haikupiga hata mara moja. Programu ilikuwa ileile, chakula kilekile na kikomo kilekile. Nilianza kulaumu adapta, nikaibadilisha, na kengele ikaendelea kulia. Ndipo nilipoacha kompyuta ikirekodi kwa siku tatu. Jioni mkondo ulipanda hadi 350 hivi na kubaki hapo. Asubuhi, katika robo ya kwanza ya mzunguko, ulifika 1,100 kwa zaidi ya nusu sekunde, na mapigo ya sumaku yalichelewa. Programu ilipoirudisha parafujo nyuma na kuipeleka mbele tena, mkondo ulishuka hadi 400 na mlo ukatoka wote.

Kumbe kilichokuwa kikitokea kilikuwa ndani ya bomba, wala si kwenye waya. Chakula kinachobaki kwenye parafujo baada ya mlo wa jioni hukaa saa kumi na mbili katika hewa yenye unyevu, na hewa hiyo huingia kupitia mdomo wa kutolea ambao hauna kifuniko. Vumbi la punje huchanganyika na mafuta yake na unyevu huo, likawa kama ugali mwembamba uliogandia kwenye ukuta wa chini wa bomba. Kati ya asubuhi na jioni muda ni uleule, lakini joto la mchana hukausha hewa, kwa hiyo ugali haufanyiki. Basi kengele haikuwa ya uongo kabisa: parafujo ilikuwa imegandiwa kweli, ila kidogo tu.

Nilifanya mambo matatu. Chakula nilikipitisha kwenye chekeche la unga kabla ya kukimimina, na kiasi cha vumbi kilichobaki chini ya chekeche kilinishangaza. Mdomo wa kutolea niliufunika kwa kipande cha mpira laini kilichoning'inizwa juu, ambacho punje hukisukuma zinapotoka. Na kila mlo sasa unaanza kwa robo ya mzunguko kurudi nyuma kabla ya kwenda mbele, ili gamba livunjike bila kusubiri kitambuzi kilalamike. Kengele za asubuhi zilikoma bila kugusa kikomo. Laiti ningepandisha kikomo hadi 1,300 kama nilivyoshawishika siku ya pili, kengele ingenyamaza, na gamba lingeendelea kunenepa.

Imekwama kweli, na mahali ni palepale kila mara

Fungua tii na utazame punje imebanwa wapi. Mara nyingi hutaikuta katikati ya bomba. Utaikuta pale ambapo ukingo wa tundu la juu unakutana na bawa linaloingia kwenye sehemu iliyofungwa. Bawa na ukingo huo hufanya kazi kama mkasi: punje iliyokaa nusu ndani na nusu nje haina pa kwenda. Chukua tupa, uchonge ukingo huo kwa mlalo wa milimita 10 hivi upande ambao parafujo inaelekea, ili punje isukumwe pembeni badala ya kukatwa. Kazi hii ya dakika ishirini ilipunguza mikwamo yangu kuliko mabadiliko yoyote ya programu.

Ikiwa vipande vinabanwa katikati ya bomba, tatizo ni nafasi iliyopo kati ya ncha ya bawa na ukuta. Kwa punje za milimita 8 hadi 10, nafasi ya milimita 2 inafaa, kwa sababu punje nzima haiwezi kuingia humo. Nafasi ya milimita 5 ni mbaya kuliko zote, kwani nusu punje inaingia na kukaa kama kabari. Ukibadilisha aina ya chakula, pima punje upya. Mashine iliyokuwa ikifanya kazi miezi sita inaweza kuanza kukwama siku uliponunua mfuko wa punje ndogo.

Jibu la programu kwa kukwama liwe na mwisho. Rudi nyuma nusu mzunguko, tulia nusu sekunde, jaribu mbele. Ikishindikana mara tatu, zima mota na piga kengele mpaka mtu aje. Pia kumbuka kwamba kihisi kimoja cha sumaku hakijui parafujo inaelekea wapi. Kama mapigo ya kurudi nyuma yanahesabiwa pamoja na ya mbele, paka atapata mlo pungufu kila siku ambayo mashine ilijikwamua, na kwenye rekodi yako kila kitu kitaonekana sawa. Mapigo ya nyuma yaondolewe kwenye hesabu, usiyajumlishe.

Parafujo inazunguka lakini bakuli ni tupu

Kukwama hakuhusiki hapa, na kitambuzi cha mkondo hakitasema lolote. Chakula kimejenga daraja ndani ya ndoo. Gonga ubavu wa ndoo: kikianguka kwa kishindo na mkondo ukapanda mara moja kutoka 120 hadi 300, umepata jibu. Chini ya ndoo pawe na mteremko mkali, na tundu liwe pana angalau mara nne ya punje kubwa. Katika programu, mkondo ukikaa chini ya 200 kwa mizunguko miwili kamili huku mapigo yakija, toa mlio wa aina nyingine, tofauti na ule wa kukwama, maana anayekuja kuhudumia anatakiwa kujua kama achukue koleo au mfuko wa chakula.

Kiasi kinabadilika siku hadi siku

Ukipima mlo kwa sekunde, kiasi kitafuata volti. Parafujo yangu hutoa gramu 10 hivi kwa mzunguko, kwa hiyo mlo wa gramu 30 ni mizunguko 3, yaani sekunde 15 kwa volti 12. Mashine ikihamia kwenye betri iliyoshuka hadi volti 10.5, sekunde 15 zilezile zinatoa mizunguko 2.6, na paka anapata gramu 26. Hesabu mapigo 12 badala ya sekunde, na uache kipima muda kiwe mlinzi tu: kama mapigo 12 hayajatimia ndani ya sekunde 30, simamisha.

Chagua pia mizunguko kamili. Chakula hakitoki kwa mfululizo kama maji. Huanguka kwa fungu moja kila bawa linapofika mdomoni, kwa hiyo mizunguko miwili na nusu itatoa leo mafungu mawili na kesho matatu. Na mlo wa kwanza baada ya kujaza ndoo iliyokuwa tupu huwa mdogo kwa sababu bomba lenyewe linajazwa kwanza. Zungusha parafujo kwa amri ya programu mpaka fungu la kwanza lianguke, halafu ndipo uanze kupima kwa mizani.

Inalisha saa isiyo yake

Kosa la kwanza ni la kwetu sisi tunaosema saa kwa Kiswahili. Niliandika 1 kwa ajili ya saa moja asubuhi, na usiku huo mpwa wangu aliyekuwa akilala sebuleni alinigongea mlango: "Mjomba, ile mashine yako imeanza kunguruma." Ilikuwa saa saba usiku. Kwa DS3231, saa moja asubuhi ni 7 na saa moja jioni ni 19.

Ikiwa muda unaharibika kila umeme unapokatika, tafuta mstari wa `rtc.adjust(DateTime(F(__DATE__), F(__TIME__)))` ndani ya `setup()`. Mstari huo unairudisha saa kwenye dakika uliyoikusanya programu, na unafanya hivyo kila mashine inapowaka. Uufute baada ya kuiweka saa mara moja. Kisha tumia `rtc.lostPower()` kupiga kengele saa ikipoteza umeme, badala ya kuijaza muda wa kubuni. Angalia vilevile moduli yako: ile ya bluu iitwayo ZS-042 ina njia ya kuchaji betri, nayo huuzwa mara nyingi pamoja na CR2032 ambayo haikuundwa kuchajiwa. Toa diodi au rezista ya njia hiyo, au weka LIR2032.

Kukijaribu kitambuzi baada ya matengenezo

Toa chakula chote, washa mlo kwa amri, na ingiza kipande cha mti laini chenye unene wa kalamu kwenye tundu la juu mpaka bawa likishike, usitumie kidole. Mashine inapaswa kusimama ndani ya sekunde moja, kurudi nyuma nusu mzunguko, kujaribu mara tatu, na kulia. Kisha legeza skrubu ya kaplingi kwa makusudi na urudie: mota itazunguka, mkondo utakuwa chini, mapigo hayatakuja, na mlio uwe umetoka ndani ya sekunde 2 na nusu, yaani muda wa mapigo mawili kukosekana. Kaza skrubu hiyo kwa gundi ya nyuzi kabla ya kurudisha ndoo.